Maji ya mvua yanasimama nyuma ya nyumba, tuyakamate kabla hayajafika ukutani

"Habari fundi. Nina nyumba Nkuhungu, Dodoma, kiwanja mita 20 kwa 30, nyumba yenyewe 12 kwa 10. Barabara iko mbele upande wa chini, na nyuma kwa juu kuna viwanja vitupu kama eka moja hivi, maji yote ya huko yanakuja kwangu. Mvua ikipiga yanasimama kwenye ukuta wa nyuma hadi kesho yake, rangi imebanduka, chumvi inatoka kwenye lipu na kona moja imeanza kupasuka. Fundi wangu anasema tumwage kifusi kuzunguka ukuta halafu apige lipu ya saruji ya kuzuia maji. Nikubali? Nataka nimalize kabla ya Desemba."

Dada yangu, hiyo kazi ya fundi isimamishe kwanza, usinunue hata mfuko mmoja. Lipu ya kuzuia maji inafunga uso wa ukuta tu, lakini maji yako hayaingilii usoni, yanakaa chini yanalowesha udongo uliobeba msingi, halafu yanapanda ndani ya tofali kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta. Ukifunga nje yatatokea ndani sebuleni, na msingi utakuwa bado umelala kwenye tope. Na kifusi kikimwagwa bila kupimwa kinaweza kufanya mambo yawe mabaya zaidi. Mi nimeitwa kwenye nyumba zaidi ya moja ambazo kifusi kilipandishwa mpaka kikapita ile nailoni ya kuzuia unyevu tunayoiita dipisii, ikawa udongo mbichi unagusa tofali za juu moja kwa moja, yaani kile kizuizi walichokilipia wakati wa kujenga hakina kazi tena.

Dawa ya shida yako ni kuyakamata maji mita kadhaa kabla hayajafika ukutani, uyazungushe nyumba, uyatoe mbele. Ukuta unakuja mwishoni kabisa.

Sasa kabla ya kuchimba chochote lazima ujue maji gani yanakusumbua, mana yapo ya aina mbili na watu wanayachanganya. Angalia ukuta wa nyuma leo hii ukiwa mkavu. Ukiona madoa mekundu ya tope yamerukia ukutani mpaka usawa wa goti, na chini yake kuna kijimfereji kimechimbika sambamba na ukuta, hayo ni maji ya bati lako mwenyewe yanayodondoka kwenye mchirizi. Ukiona mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula, na chini yake mchanga laini umetulia na takataka, hayo ni maji yaliyosimama, yametoka juu. Kwa maelezo yako nahisi unayo yote mawili.

Tuanze na la bati kwa kuwa ni fupi. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba moja ni lita moja. Bati la nyumba yako pamoja na vibaraza haliwezi kupungua mita za mraba 140, tuseme 150, kwa hiyo mvua moja ya milimita 40 inakushushia lita 6,000, na kama paa limelala pande mbili basi nusu yake inamwagika pale pale nyuma penye shida. Funga gata. Weka simtenki kama uwezo upo, Dodoma hakuna maji ya kutupa. Ila sikiliza hapa, hata tangi la lita 5,000 likiwa tupu kabisa litajaa na hiyo mvua moja na kufurika, na ule mdomo wa kufurikia nimeukuta mara nyingi unaelekea miguuni mwa nyumba, yaani maji yote ya paa yanamwagwa sehemu moja ya msingi. Funga bomba kwenye huo mdomo ulipeleke hadi kwenye mfereji tutakaouchimba.

Haya, maji ya juu ndio kesi kubwa. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Tuchukue mvua kali ya milimita 60 kwa saa, mvua ya namna hiyo haidumu saa nzima lakini dakika 20 zake zinatosha kukuharibia. Ikinyesha kwenye hiyo eka, na tukisema nusu inazama ardhini, nusu inayobaki inakuletea kama lita 33 kila sekunde, yaani ndoo moja na nusu ya lita 20, kila sekunde, bila kupumzika. Na hiyo nusu inayozama nimekuwa mkarimu, kwa sababu ardhi yetu baada ya miezi ya ukame inakuwa na gamba gumu juu, mvua za mwanzo zinateleza kama kwenye sakafu. Ndio maana ukuta wa uzio ukiujenga huko nyuma bila matundu hausaidii, maji yatajaa nyuma yake kama bwawa halafu siku moja utaukuta umelala chini. Kama unajenga uzio, acha matundu chini kila mita moja au mbili, maji yapite yaingie kwenye mfereji wako.

Kupima mteremko usitumie macho, macho yanadanganya sana kwenye kiwanja chenye mwinuko mdogo. Tumia mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 10 au 15, ujaze maji mpaka usibaki na povu hata moja ndani. Mtu mmoja asimame ukutani, mwingine asogee mita 2 kwenda nyuma, kila mtu ashike ncha yake juu ya kigingi, msubiri maji yatulie halafu mpime kutoka ardhini mpaka usawa wa maji. Penye namba kubwa ndipo ardhi ilipo chini. Tuseme ukutani umepata sentimita 92 na kule mita 2 nyuma umepata 84. Maana yake ardhi ya nyuma imepanda juu sentimita 8 kuliko miguuni mwa ukuta, maji yanateremkia nyumba yako.

Tunachotaka ni kinyume, ardhi ishuke kutoka ukutani angalau sentimita 5 kwa kila mita, kwa hiyo kwenye mita 2 tunataka pawe chini kwa sentimita 10. Toka kupanda 8 mpaka kushuka 10 ni tofauti ya sentimita 18, na hizo 18 unaweza kuzigawa, baadhi unajaza ukutani, zinazobaki unachimba kule nyuma. Hapa ndipo kifusi cha fundi wako kinapata nafasi yake, ila kina mpaka. Tafuta dipisii ilipo, kwa kawaida iko usawa wa jamvi, yaani lile zege la sakafu ya ndani, na ardhi ya nje ukishamaliza kazi ibaki chini yake kwa sentimita 15 au zaidi. Kama jamvi lako liko juu ya ardhi kwa sentimita 30, basi una ruhusa ya kupandisha mpaka 15 na si zaidi, pamoja na zege litakalokuja juu. Mi ningejaza 5 ukutani na kuchimba 13 nyuma, hapo umepata 18 zako, na hata zege la sentimita 10 likija juu bado nyumba imepumua.

Hicho cha kujaza kisiwe mchanga. Mchanga unanywa maji na kuyapeleka moja kwa moja kwenye msingi. Tafuta moramu yenye udongo kidogo, imwagie maji ilowe kiasi (ukiifinya mkononi ishikane bila kuchuruzika), halafu shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake piga zege la kuzunguka nyumba, upana mita moja, unene sentimita 8 hadi 10, na lenyewe liinamie nje sentimita 4 au 5. Kati ya hilo zege na ukuta acha upenyo wa kama sentimita moja uujaze lami, usiunganishe saruji kwa saruji. Nyumba na hilo zege vinacheza tofauti, ukiviunganisha patapasuka pale pale kwenye kona na ule ufa utakuwa mdomo wa kunyweshea msingi. Kata na viungo kila mita 2 hivi, navyo jaza lami.

Kama udongo wako ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi mpaka mkono unaingia, hili la zege la pembeni ni la lazima. Ule udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, sasa nyuma kukilowa na mbele kukiwa kukavu nyumba inanyanyuliwa upande mmoja, na kona ndio zinalia kwanza. Namna ya kujua ni kuangalia huo ufa wako, kama unafunguka kiangazi na kujibana masika basi udongo ndio unaocheza. Kwa udongo huo usichimbe shimo la kuzamishia maji karibu na nyumba, halitazamisha kitu, litakaa limejaa na kulowesha upande mmoja, yaani utakuwa umejichimbia tatizo lile lile.

Sasa mfereji. Unakaa pale mwisho wa zile mita 2, sambamba na ukuta wa nyuma, na uuvushe kila upande ili maji yasizunguke ncha yake. Upana wa ndani sentimita 30, kina cha kuanzia 30. Ukiwa wa zege au wa mawe yaliyojengwa vizuri, na sakafu yake ikishuka sentimita 1 kwa kila mita, ukijaa maji theluthi mbili tu unapitisha zaidi ya lita 50 kwa sekunde. Wewe una 33 za juu na kidogo za bati, kwa hiyo unatosha na nafasi inabaki kwa ajili ya mchanga, mana mchanga lazima uje.

Hiyo sentimita 1 kwa mita ndio watu wanapokosea. Mafundi wengi wanafuata uso wa ardhi, ardhi ikiwa levo na sakafu ya mfereji inakuwa levo, mvua ikikatika maji yanabaki humo yananyonywa na udongo siku tatu. Nyuma ya nyumba yako mfereji utakuwa kama mita 16, kwa hiyo sakafu ishuke sentimita 16 toka mwanzo mpaka kona, na kama ardhi iko levo basi unaanza na kina cha 30 unafika kona na 46. Funga uzi, pima kila mita 2 kwa mpira, na usinyanyue kuta za mfereji kabla hujaijaribu sakafu. Ukishamwaga sakafu na ikakauka, mimina ndoo kumi za maji kule mwanzo, uangalie. Mahali maji yatakapotulia weka alama ya chaki, hapo ndipo mchanga utakapoanza kujaa mwaka huu huu, parekebishe wakati bado bei yake ni karai moja la saruji.

Ukigeuka kona kuteremka pembeni ya nyumba hali inabadilika kabisa. Upande huo unafuata mteremko wa kiwanja, na kwa vipimo vya mfano wetu, 8 kwenye mita 2, ni sentimita 4 kwa kila mita, hapo maji yanakimbia yanakaribia mita 2 kwa sekunde. Nyuma adui alikuwa kutuama, huku adui ni kukata. Mfereji wa udongo mtupu kwenye udongo wetu mwekundu wa kichanga hauwezi hiyo kasi, ukiuacha utakuta korongo kabla masika hayajaisha. Kwa hiyo kama pesa haitoshi yote, jenga kwa zege upande huu wa mteremko kwanza, kule nyuma kunaweza kubaki udongo ulioshindiliwa kwa msimu mmoja. Pale kona usipige pembe kali ya mraba, zungusha kama mkono uliokunjwa, na ukuta wa nje wa kona uunyanyue sentimita 10 zaidi, mana maji yenye kasi yanaruka kwenda mbele, hayapendi kugeuka. Na uache walau mita moja na nusu au 2 kati ya mfereji na ukuta wa pembeni wa nyumba. Nafasi unayo, nyumba ya mita 12 kwenye kiwanja cha 20 ikiwa katikati inaacha mita 4 kila upande.

Kwenye ukuta wa mfereji upande wa mlimani acha vitundu vya kupumulia, kipande cha bomba la nusu inchi kila mita moja, na nyuma yake kokoto. Maji yanayotembea ndani ya udongo nayo yanatafuta pa kutokea, usipoyapa tundu yanausukuma ukuta wa mfereji unaangukia ndani.

Mwanzo wa mfereji, pale maji mengi yanapoingilia, chimba chemba ya kunasa mchanga, sentimita 60 kwa 60, na sakafu yake iwe chini ya sakafu ya mfereji kwa sentimita 30. Maji yakifika hapo yanapunguza mwendo, mchanga unazama, yanayoendelea ni mepesi. Utazoa kwa chepe baada ya kila mvua kubwa, na mchanga wenyewe ukiuchekecha unaweza kukufaa kwenye lipu. Bila hiyo chemba mchanga utazoa kwa urefu wote wa mfereji. Mifuniko weka pale mnapopita tu, na iwe vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvinyanyua. Mfereji uliozibwa kwa saruji moja kwa moja ukiziba ndani hutajua mpaka maji yarudi ukutani.

Zege lako lichanganye moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga, kokoto, maji yasizidi. Na kwa jua la Oktoba na Novemba la Dodoma funika kwa magunia uyamwagie maji siku 7, asubuhi na jioni. Zege lililokauka haraka linakuwa na nyufa kama nywele, na juu linatoka unga ukikwaruza kwa msumari.

Halafu kuna swali ambalo ningelitanguliza kama tungekutana uso kwa uso, maji yanaishia wapi? Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilijenga mfereji mzuri sana ukaishia kwenye mpaka wa kiwanja, masika ilipokuja yule jirani wa chini alipoteza choo chake, shimo lilibomoka kwa maji niliyomletea mimi. Tulirudi tukafanya kazi upya na tukamjengea. Kwa hiyo wewe kabla ya kuchimba nenda mbele barabarani, uone kama kuna mtaro wa barabara, pima sakafu yake kwa mpira ule ule, hakikisha iko chini ya mwisho wa mfereji wako. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, pitia ofisi ya mtaa wakuelekeze kwao kabla hujaunganisha, usibomoe ukingo wa mtaro wala kuuziba kwa daraja la kuingilia gari lisilo na kalavati ya kutosha. Kama mtaro haupo, kaa na majirani wa chini mkubaliane mfereji mmoja wa pamoja. Mwisho wa mfereji, kabla ya kuingia mtaroni, panga mawe makubwa urefu wa mita moja yavunje kasi. Na usije ukashawishika kuyaingiza kwenye karo au chemba ya maji taka, mvua moja tu itakurudishia uchafu chooni.

Kuna hali moja ambayo yote haya hayatasaidia. Ukiuliza wazee wa mtaa wakakwambia hapo zamani palikuwa mkondo, au ukiona kule juu korongo limenyooka kuelekea kwako, basi maji yako si ya eka moja, ni ya mlima mzima, na mfereji wa sentimita 30 utamezwa. Hapo lazima mhandisi aje apime eneo lote linaloshusha maji, na inawezekana jibu likawa nje ya kiwanja chako kabisa. Panda huko juu utembee mwenyewe mita 200 au 300 kabla ya kutumia pesa.

Ratiba yako inawezekana. Mvua za huku zinaanza kushika mwisho wa Novemba na Desemba, kwa hiyo gata na kuchimba kwanza, mfereji wa pembeni, chemba, halafu kujaza na zege la kuzunguka. Ukuta wenyewe usiupige lipu kwa sasa. Bandua lipu iliyooza, sugua ile chumvi kwa brashi kavu (usiioshe kwa maji, itarudi ndani), uache tofali wazi lipumue. Lipu mpya piga baada ya masika kupita, mwezi wa sita au wa saba, ukiwa umeshaona kwamba ukuta umekauka na chumvi hairudi.

Ule ufa wa kona, leo chukua penseli, chora mstari unaoukata sehemu tatu, andika tarehe na upana wake kwa rula. Rudi kila mwezi. Ukibaki pale pale msimu mzima utaujaza wakati wa lipu. Ukiendelea kupanuka hata baada ya maji kuondoka, au ukifika upana wa kuingiza sarafu, au milango ikaanza kugoma kufunga upande huo, mwite mhandisi afukue kando ya msingi aone umekaa juu ya nini, na siku ya kufukua isiwe siku yenye dalili ya mvua.